Kwa Nini Ndege Nzito Haianguki?

Jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam watoto hukua chini ya ngurumo za injini, na wengi wao huzizoea hata wasiinue tena vichwa vyao. Mtoto mmoja wa darasa la nne hakuzizoea. Alipoiona ndege yenye pangaboi mbili ikipaa, alimgeukia mjomba wake, ambaye ni mwalimu wa fizikia, akamwuliza: "Mjomba, jiwe nikilirusha juu huanguka. Ile ndege imejaa watu na mizigo. Mbona yenyewe haianguki?"

Swali hili ni la kitoto kwa umbo lake tu. Watu wazima wengi hulijibu kwa haraka, wakisema kwamba ndege haianguki kwa sababu ina injini, au kwa sababu ina mabawa. Majibu hayo hayatoshi. Gari lina injini, lakini halipai. Na kuku ana mabawa, lakini haendi mbali. Kinachotakiwa kuelezwa ni kitu gani hasa kinachoushika uzito ule kule juu, mahali ambapo macho hayaoni kitu chochote.

Na uzito wenyewe si haba. Ndege ya aina ya Q400, ambayo imekuwa ikitumika katika safari za ndani ya Tanzania na inachukua abiria wapatao 76, inapojazwa watu, mizigo na mafuta huwa na tani zipatazo 29. Hiyo ni sawa na mifuko 580 ya saruji, yaani shehena nzima ya lori kubwa lenye tela.

Hewa ni kitu, tena ni kizito

Mjomba hakuanza na ndege. Alianza na hewa. "Mwanangu, chumba chenu cha darasa kikiwa hakina mtu wala dawati, ndani yake mna nini?" Mtoto akajibu kwamba hamna kitu. Jibu hilo ndilo kizuizi cha kwanza, maana mtu anayedhani hewa si kitu hawezi kuelewa jinsi inavyoweza kubeba chochote.

Mita moja ya ujazo ya hewa, ikipimwa karibu na usawa wa bahari, ina tungamo la kilo 1.2 hivi. Chumba cha darasa chenye urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 kina mita za ujazo 168. Hewa iliyomo ndani yake basi ni kilo 200 hivi, yaani mifuko minne ya saruji. Hakuna mwanafunzi awezaye kuibeba mgongoni.

Zaidi ya hayo, juu ya kila mmoja wetu kuna mlundikano wa hewa unaofika kilometa nyingi angani, na uzito wa hewa yote hiyo hukandamiza kila kitu. Kanieneo hiyo, hapa chini, ni sawa na uzito wa tani 10 juu ya kila mita moja ya mraba. Hatuihisi kwa sababu inasukuma kutoka pande zote kwa pamoja. Meza haivunjiki, kwani hewa iliyo chini ya ubao wake inasukuma juu karibu sawasawa na ile iliyo juu inavyosukuma chini. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma mlango, mmoja ndani na mmoja nje: mlango hautikisiki, ingawa wote wawili wanatoka jasho. Lakini mmoja wao akilegeza mkono kidogo tu, mlango utakwenda.

Mfano huu wa mlango ukumbukwe, kwa sababu bawa la ndege hufanya kazi hiyo hiyo ya kumlegeza mmoja.

Mtu anayekanyaga maji

"Umewahi kumwona mtu asimamaye ndani ya maji ya kina kirefu, kichwa chake kikiwa juu?" mjomba aliuliza. Mtoto wa pwani hahitaji kueleweshwa jambo hilo. Mtu huyo hasimami juu ya kitu. Miguu na mikono yake inasukuma maji chini bila kukoma, nayo maji, kwa kusukumwa chini, yanamsukuma yeye juu. Akishika jiwe mkononi, lazima aongeze bidii. Na akiacha kusukuma, huzama.

Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya mwendo, aliyoichapisha Isaac Newton mwaka 1687: kila kani huwa na kani pacha iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili. Mvuvi akikita pondo na kulisukuma nyuma, ngalawa huenda mbele. Bawa likisukuma hewa chini, hewa hulisukuma bawa juu. Kwa hiyo jibu fupi la swali la mtoto ni hili: ndege haianguki kwa sababu wakati wote iwapo angani inasukuma hewa chini.

Bawa hulifanyaje jambo hilo bila kupigapiga kama bawa la njiwa? Fundi anayebeba kipande cha bati juu ya baiskeli analijua jibu. Bati likilala sawasawa na njia, safari huwa nyepesi. Ukingo wake wa mbele ukiinuka kidogo, upepo wa mwendo hulishika na kutaka kulinyanyua. Bati lililoinamishwa hivyo linaielekeza hewa chini, nalo lenyewe hupata msukumo wa kwenda juu. Bawa la ndege nalo huikabili hewa kwa pembe ndogo, ukingo wa mbele ukiwa juu kidogo kuliko wa nyuma. Kazi ya injini ni kuivuta ndege mbele tu, ili hewa mpya ifike kwenye bawa bila kukatika. Anayebeba mzigo ni bawa.

Kijiko chini ya bomba

Hapa mtu angeweza kudhani kwamba kazi yote inafanywa na sehemu ya chini ya bawa, kama vile hewa ni mawe madogo yanayogonga ubao na kuruka. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na upande wa juu, na jambo hili huwashangaza hata wanafunzi wa kidato cha sita.

Mjomba alimpeleka mpwa wake kwenye bomba la uani, akalifungua maji yateremke kwa mkondo mwembamba usiokatika. Akamwambia ashike kijiko kwa ncha ya mpini, kining'inie kama timazi ya mwashi, kisha akisogeze taratibu mpaka mgongo wake, yaani upande uliobinuka, uguse maji. Mtoto alitazamia kwamba maji yatakisukuma kijiko mbali. Badala yake kijiko kilivutwa ndani ya mkondo! Alipotazama vizuri zaidi aliona na jambo la pili: maji hayakuteremka tena wima, bali yaliufuata mgongo wa kijiko na kutoka yakiwa yamepinda upande wa pili.

Mambo hayo mawili ni jambo moja. Kijiko kimeyapinda maji kwenda upande mmoja, nayo maji yamekivuta kijiko kwenda upande wa pili. Mgongo wa bawa umebinuka kama mgongo wa kijiko. Hewa inayopita juu yake huufuata mbinuko huo na kuondoka nyuma ikiwa imeelekea chini.

Lakini hewa haina kamba, inawezaje kuvuta? Kwa kweli haivuti. Ili mkondo wa hewa upinde na kuufuata mgongo wa bawa, ni lazima kanieneo iliyo karibu na bawa iwe ndogo kuliko ile iliyo mbali juu yake. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja mkondo uelekee chini. Hivyo juu ya bawa kanieneo hupungua, na chini ya bawa, ambako hewa inazuiwa kidogo, huongezeka. Mmoja wa wale wawili wanaosukuma mlango amelegeza mkono. Jambo hili ndilo linaloezua mabati ya nyumba siku ya dhoruba: mara nyingi upepo unaopita juu ya paa hulegeza mkandamizo wa juu, na hewa iliyotulia ndani ya nyumba hulisukuma paa kutoka chini.

Hesabu ya Q400

Sasa mambo hayo yapimwe kwa tarakimu. Mabawa ya Q400 yana eneo la mita za mraba 63 hivi. Tani 29 zikigawanywa kwa eneo hilo, kila mita ya mraba inapaswa kubeba kilo 460, yaani mifuko tisa ya saruji na kidogo zaidi. Tarakimu hiyo inatisha mpaka ilinganishwe na zile tani 10 ambazo hewa hukandamiza kila mita ya mraba. Tofauti inayotakiwa kati ya chini na juu ya bawa haifiki hata sehemu moja katika ishirini. Angahewa haitendi muujiza wowote. Inapunguza kidogo upande mmoja na kuongeza kidogo upande mwingine.

Hesabu ya pili ni ya hewa inayosukumwa. Toka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili, Q400 ina upana wa mita 28.4. Wataalamu hukadiria kwamba mabawa hushughulika na hewa iliyo ndani ya duara lenye kipenyo sawa na upana huo. Eneo la duara hilo ni mita za mraba 633 hivi. Tuseme ndege imeshaacha ardhi na inakwenda mita 62 kwa sekunde, ambazo ni kilometa 223 hivi kwa saa. Basi katika kila sekunde mabawa hukutana na hewa ya ujazo wa mita 633 × 62, yaani mita za ujazo 39,000 na zaidi. Kwa kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni hewa ya kilo 47,000: tani 47 kila sekunde!

Uzito wa tani 29 ni kani ya nyutoni 284,000 hivi. Ukigawanya 284,000 kwa 47,000 unapata 6. Kwa hiyo inatosha hewa ile isukumwe chini kwa mwendo wa mita 6 tu kwa sekunde, mwendo wa kijana anayekimbia. Hili ndilo linaloyaondoa maajabu katika jambo zima. Ndege haishikwi na kiasi kidogo cha hewa kinachopigwa kwa nguvu za kutisha, bali na kiasi kikubwa mno kinachosukumwa kwa upole.

Hewa hiyo iliyosukumwa ina dalili zake. Ndege ikipita karibu sana juu ya mawingu, huacha nyuma yake mfereji uliochimbika katika wingu. Na katika viwanja vikubwa, ndege ndogo inayofuata nyuma ya ndege kubwa huamriwa kungoja kwanza, kwa kuwa hewa iliyoachwa na ile kubwa bado inashuka na kuzunguka kama mkondo wa mto, nayo inaweza kuipindua.

Kosa lililomo katika vitabu

Vitabu vingi vya shule vimetoa maelezo mengine. Husema kwamba hewa ikifika mbele ya bawa hugawanyika, na kwamba ile ya juu, kwa kuwa njia yake ni ndefu zaidi, hulazimika kukimbia ili ikutane na mwenzake nyuma ya bawa kwa wakati mmoja. Kisha huongeza kwamba hewa iendayo kasi ina kanieneo ndogo, kama alivyoonyesha Daniel Bernoulli mwaka 1738.

Sehemu ya Bernoulli ni sahihi ikitumiwa mahali pake, na hewa ya juu kweli huenda kasi zaidi. Lakini hakuna sheria yoyote inayoilazimisha hewa iliyoachana kukutana tena. Moshi ukipitishwa kwa vipindi ndani ya handaki la upepo, huonekana wazi kwamba hewa ya juu hufika nyuma ya bawa mapema, nayo haimngojei mwenzake wa chini. Zaidi ya hayo, ndege za michezo huruka kichwa chini miguu juu. Kama umbo la mgongo peke yake ndilo lingekuwa siri yote, ndege hizo zingevutwa ardhini. Rubani wake huinua pua mpaka bawa lililopinduliwa liikabili hewa kwa pembe ifaayo, nalo husukuma hewa chini kama kawaida. Maelezo ya kanieneo na maelezo ya Newton hayapingani. Ni njia mbili za kuhesabu jambo moja.

Pembe, mwendo, na hatari

"Basi, mjomba, ikienda polepole?" Swali hilo la mtoto linagusa jambo ambalo kila rubani hulichunga wakati wote.

Mwendo ukipungua hadi nusu, hewa inayokutana na bawa katika kila sekunde hupungua hadi nusu. Kwa kuwa uzito ni ule ule, hewa hiyo ndogo lazima isukumwe chini kwa kasi maradufu. Rubani hulifanya hilo kwa kuinua pua ya ndege, ili bawa liikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi. Wakati wa kutua husaidiwa na vibao vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa, ambavyo abiria aliyekaa dirishani huviona vikitoka. Kazi yake ni kuongeza mbinuko wa bawa.

Lakini pembe haiwezi kuongezwa bila mwisho. Kijiko kikiinamishwa mno, maji huacha kuufuata mgongo wake na kuruka ovyo. Kwa mabawa mengi jambo hilo hutokea pembe inapofika nyuzi 15 hivi. Hewa ya juu huuacha mgongo wa bawa na kugeuka kuwa mavurugiko, na nguvu ya kunyanyua hupungua ghafula. Dawa yake huenda kinyume cha silika ya binadamu: rubani anayeona ndege inashuka hutamani kuvuta usukani ili pua ipande, kumbe anatakiwa kuusukuma mbele, pua ishuke, pembe ipungue, na hewa irudi kulifuata bawa. Katika Q400 usukani wenyewe hutetemeka kumwonya rubani kabla hatari haijafika.

Matukio mawili yanaonyesha jambo hili kuliko maelezo marefu. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya aina hiyo ya Q400 ilikuwa ikikaribia kutua Buffalo, Marekani, usiku. Mwendo ulipungua mno bila marubani kutambua, na usukani ukatetemeka. Rubani akauvuta badala ya kuusukuma. Bawa likaachwa na hewa, ndege ikaangukia nyumba, na watu 50 wakafa, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba hiyo. Injini zote mbili zilikuwa zikifanya kazi.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege kubwa zaidi, Boeing 767, iliishiwa na mafuta angani nchini Kanada, ikiwa kwenye kimo cha zaidi ya kilometa 12, kwa sababu kiasi cha mafuta kilikokotolewa kwa ratili mahali palipotakiwa kilo. Injini zote mbili zilizimika. Rubani aliiacha pua ishuke kidogo, akabadilisha kimo kuwa mwendo kama afanyavyo mwewe asiyepiga mabawa, akaielea ndege mpaka ikatua katika uwanja wa zamani wa kijeshi huko Gimli. Hakuna aliyekufa.

Ndege yenye injini hai ilianguka, na ndege yenye injini mfu haikuanguka. Tofauti ilikuwa katika jinsi bawa lilivyokutana na hewa.

Jaribio la darasani

Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waone kosa la vitabu kwa macho yao anahitaji ukanda wa karatasi tu, wenye upana wa vidole vitatu na urefu wa shubiri moja.

Kwanza, mwanafunzi aushike ukanda mbele ya mdomo wake, ncha ya pili ikilegea na kuinamia chini, kisha apulize juu yake. Karatasi itainuka. Wengi hukomea hapo, wakisema kwamba kasi ya pumzi peke yake imepunguza kanieneo.

Kisha ashike ukanda huo huo ukining'inia wima na ukiwa umenyooka, apulize kuelekea chini sambamba na upande wake mmoja. Pumzi ni ile ile na kasi ni ile ile, lakini karatasi haivutwi kama mara ya kwanza. Wanafunzi waulizwe ni nini kilichobadilika. Mara ya kwanza karatasi ilikuwa imepinda, na pumzi iliufuata mpindo huo kuelekea chini. Mara ya pili hapakuwa na mpindo wa kufuatwa. Asiyegeuza mwendo wa hewa hapati cha kumnyanyua, hata hewa hiyo ikienda kasi namna gani.